Kilele cha 472 baada ya kuunganisha Boc-Phe na Leu kwa DCC: je, ni asidi iliyoamshwa ambayo haijamaliza kazi?

Chupa_Duara · #1

Habari wakuu. Naunganisha amino asidi mbili tu, Boc-Phe-OH na H-Leu-OMe, ile ya pili ikiwa chumvi ya hidrokloridi. Nimefanya hivi: Boc-Phe-OH miligramu 531 kwenye DMF mililita 8, nikatia DCC miligramu 413, nikaacha ikizunguka nusu saa kwenye joto la chumba ili asidi iamke vizuri. Kisha nikatia chumvi ya Leu miligramu 363 na trietilamini mikrolita 140, nikaacha usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na unga mweupe, nikachuja.

Baada ya safu ya silika nimepata dipeptidi miligramu 322, ambayo ni asilimia 41. Masi yake iko sawa, 393 na 415 ya sodiamu. Ila kuna doa jingine lililoshuka karibu kabisa na bidhaa, limenipa miligramu 330 za kitu cheupe, na masi yake inasoma 472.

Nimepiga hesabu: Boc-Phe-OH ni 265, DCC ni 206, jumla 471, ongeza protoni moja unapata 472. Hii si ndiyo asidi iliyoamshwa yenyewe, O-asailisoyurea? Kama ndiyo, naomba kujua: nikiichukua nikaitia Leu zaidi, itaendelea na kunipa bidhaa iliyobaki? Natanguliza shukrani.

---

Kausha · #2

Mkuu, tatizo lako ni maji. DCC kazi yake ni kunyonya maji, asidi na amini zikikutana maji yanatoka, DCC inayachukua yanakuwa ule unga mweupe. DMF yako ikiwa na unyevu DCC inakwisha kabla ya kazi. Kausha DMF kwanza kwa molekula chujio, rudia.

---

Fundi_Peptidi · #3

Chupa_Duara, hesabu yako ya masi ni sahihi, lakini jina ulilokipa hicho kitu si lake. O-asailisoyurea haiwezi kulala usiku kucha, ikapita kwenye silika, ikakaushwa, halafu ikakungoja kwenye chupa ikiwa unga mweupe. Ulichonacho kina atomi zile zile na masi ile ile, lakini kimejipanga upya. Ni N-asailiyurea, na hiyo ukiitia Leu hata mwezi mzima haitakupa kitu.

Tazama kinachotokea. Kaboni ya katikati ya DCC imebanwa na naitrojeni mbili, zote zinaivuta elektroni zake. Asidi inaipa naitrojeni mojawapo protoni, na oksijeni iliyobaki na chaji hasi inaishika ile kaboni. Kuamka kwa asidi ni huko tu. Ile OH ambayo peke yake haikubali kuondoka, sasa imefungwa kwenye kundi kubwa ambalo likiondoka linaondoka kama yurea, na yurea ni kitu kitulivu sana. Kwa hiyo kabonili ya Phe inakuwa tayari kupokea yeyote mwenye jozi ya elektroni. Ukimleta Leu wakati huo, anaishika kabonili, yurea inaanguka chini kama unga, umepata dipeptidi.

Sasa kuna naitrojeni nyingine iliyo kwenye lile lile kundi, hatua mbili tu kutoka kwenye kabonili. Leu akichelewa, naitrojeni hiyo inaichukua kabonili yenyewe. Phe anahama kutoka kwenye oksijeni kwenda kwenye naitrojeni, na hapo amefungwa kwa kifungo cha aina ya amidi. Haamki tena. Ile nusu saa uliyompa "aamke vizuri" ndiyo aliyoitumia kuhama.

---

Fundi_Peptidi · #4

Na Kausha, kwa hesabu ya jumla uko sawa, molekuli moja ya maji imetoweka. Lakini DCC haikai pembeni ikisubiri maji yatoke. Oksijeni iliyo kwenye ule unga mweupe imetoka kwa asidi moja kwa moja, kwa njia niliyoeleza #3. Maji hayajawahi kuwa huru hata sekunde moja.

---

Kausha · #5

Sawa, nimeelewa ya oksijeni. Lakini bado DMF yenye maji inaharibu, hilo hulikatai?

---

Fundi_Peptidi · #6

Silikatai. Ila uharibifu wa maji una alama yake. Maji yakiishika kabonili iliyoamshwa, unarudi kwenye Boc-Phe-OH na DCC imeliwa bure. Ungeona 265 nyingi imebaki. Maji hayawezi kutengeneza 472.

---

Mizani · #7

Jamani kabla hatujafika mbali, hebu tupige hesabu ya viambato, maana naona watu wamevipita.

Boc-Phe-OH 531 gawanya kwa 265.3 ni milimoli 2.00.
DCC 413 gawanya kwa 206.3 ni milimoli 2.00.
Chumvi ya Leu 363 gawanya kwa 181.7 ni milimoli 2.00.
Trietilamini mikrolita 140, densiti 0.726, ni miligramu 102. Gawanya kwa 101.2, ni milimoli 1.00.

Besi ni nusu! Leu wako alikuja amebeba HCl, yaani naitrojeni yake imeshikwa na protoni, haina jozi ya elektroni ya kutoa. Ulimfungua nusu tu. Ulihitaji mikrolita 280 au zaidi kidogo. Aliyekuwa akisubiri si Phe peke yake, ni Leu pia, nusu yake ilikuwa imefungwa mikono wakati Phe anahama. Asilimia 41 yako inakaa vizuri kabisa chini ya asilimia 50.

---

Chupa_Duara · #8

Mizani, nimerudi kwenye daftari. Niliandika 1.0 nikimaanisha ekwivalenti moja, halafu nikapima kwa milimoli 1.0. Nimeona kosa langu. Asante sana.

Kwa hiyo sababu ni besi au ni ile nusu saa?

---

Mizani · #9

Besi.

---

Fundi_Peptidi · #10

Nusu saa. Besi imekupunguzia bidhaa, hilo ni kweli. Lakini kama Leu angekuwa pungufu na kila kitu kingetiwa pamoja kwenye baridi, sehemu kubwa ya Phe ingebaki kama anhidridi ya Phe wawili au ingerudi asidi wakati wa kuosha. 330 za 472 ni milimoli 0.70, yaani asilimia 35 ya Phe wote. Hiyo ni ya kuachwa peke yake na DCC kwenye joto la chumba.

---

Bamba_la_Silika · #11

Mimi nasema ni DMF. Wote mnapita juu yake. Kwenye diklorometani nimeunganisha kwa DCC miaka mingi na N-asailiyurea huwa ni doa dogo la pembeni. Siku nilipohamia DMF kwa sababu asidi yangu haikuyeyuka, doa lile likawa kubwa kuliko bidhaa. Viambato vile vile, baridi ile ile. Kiyeyusho kinachopenda maji kama DMF kinaisaidia ile hama hama. Na Boc-Phe-OH inayeyuka vizuri kabisa kwenye diklorometani, hakukuwa na haja ya DMF.

Faida nyingine, yurea ya DCC haiyeyuki kwenye diklorometani. Ukiona mawingu meupe baada ya dakika chache unajua kazi inaendelea. Kwenye DMF sehemu ya yurea inabaki imeyeyuka, huioni vizuri.

---

Kingamwili · #12

Wakuu nina tatizo kama hili hili. Mimi natumia EDC kwenye maji kufunga kingamwili kwenye vishanga vyenye kaboksili, bafa ya asetati pH 5.5, na kingamwili hazishiki kabisa. Nimeongeza EDC mara tano hakuna kitu. Je ni hiyo N-asailiyurea?

---

Mizani · #13

Kingamwili, lako ni tofauti kidogo na la mtoa mada, lakini jibu liko kwenye chupa ya bafa. Asetati ni chumvi ya asidi ya kaboksili. EDC haijui kwamba hiyo ni bafa. Inaiamsha asetati, ambayo iko kwa wingi mara maelfu kuliko kaboksili za vishanga vyako, na asetati iliyoamka inakwenda kuzifunika amini za kingamwili. Tumia MES, haina kaboksili wala amini ya kushiriki. Na baada ya kuamsha usioshe kwa Tris au glisini kabla kingamwili haijaingia, zote mbili zina amini.

---

Kingamwili · #14

Kumbe! Asetati sikuifikiria hata kidogo. Nabadilisha kesho.

---

Fundi_Peptidi · #15

Na kwenye maji tia NHS pamoja na EDC. O-asailisoyurea kwenye maji inaliwa upesi mno. NHS inaigeuza kuwa esta ambayo inadumu muda wa kutosha kingamwili kufika.

Hilo linanirudisha kwa Chupa_Duara, maana sijaona mtu akimuuliza: HOBt ilikuwa wapi? Sheehan na Hess walipoleta DCC kwenye peptidi mwaka 1955 walifanya bila kisaidizi. Lakini tangu König na Geiger watoe HOBt mwaka 1970, kutumia DCC peke yake ni kujitakia taabu. HOBt inafanya mambo mawili. Ni asidi dhaifu, kwa hiyo inaipa O-asailisoyurea protoni mahali ambapo naitrojeni ingetaka kushambulia. Halafu yenyewe inaishika kabonili na kuigeuza kuwa esta yenye uhai, isiyoweza kuhama kwa sababu haina ile naitrojeni ya jirani. Leu akifika anakuta esta hiyo inamsubiri. Kwa milimoli 2.0 ni miligramu 306 za ile yenye molekuli moja ya maji. Maji hayo kidogo hayana madhara yanayoonekana, Kausha usishtuke.

---

Kausha · #16

Sishtuki mzee wangu, nimeshasoma #6.

---

Mkono_wa_Kushoto · #17

Mnazungumzia mavuno tu. Mimi kilichonitesa na DCC ni Phe kugeuka kutoka L kuwa D. Niliunganisha kwa DCC peke yake, nikapata bidhaa yenye madoa mawili yaliyoshikana, masi moja. DCC inageuza mkono wa amino asidi kila mara, ndiyo maana niliiacha.

---

Bamba_la_Silika · #18

Mkono_wa_Kushoto, asidi yako ilikuwa na nini kwenye naitrojeni? Boc? Fmoc? Au kulikuwa na amino asidi nyingine tayari?

---

Mkono_wa_Kushoto · #19

Ilikuwa Boc-Gly-Phe-OH, nikiiunganisha na Val-OMe.

---

Bamba_la_Silika · #20

Basi "kila mara" uliyoisema si sahihi. Phe wako alikuwa mwisho wa kipande cha peptidi. Asidi ikishaamka, oksijeni ya kabonili ya Gly inajipinda na kuishika kabonili ya Phe, inatokea duara la pembe tano, oksazoloni. Kwenye duara hilo ile hidrojeni ya kaboni ya alfa inatoka kirahisi, ikirudi inaweza kurudi upande wowote. Ukiwa na Boc moja kwa moja juu ya Phe kama mtoa mada, duara hilo ni gumu zaidi kutokea, na likitokea haligeuki kirahisi hivyo. Ndiyo sababu watu hujenga peptidi kwa kuongeza amino asidi moja moja upande wa naitrojeni badala ya kuunganisha vipande vikubwa.

---

Mkono_wa_Kushoto · #21

Hilo la kipande nalikubali. Lakini nilirudia na HOBt na doa la pili likapungua, halikuisha. Kwa hiyo bado naiogopa kwa vipande.

---

Fundi_Peptidi · #22

Hapo uko sahihi kabisa, uiogope. HOBt inapunguza, haifuti.

---

Chupa_Duara · #23

Nimewasoma wote. Kabla sijatupa lile doa la 472 nataka kuthibitisha kwa macho yangu kwamba limekufa. Kuna njia rahisi? Kifaa cha NMR nina foleni ya wiki.

---

Fundi_Peptidi · #24

Ipo. Chukua miligramu tano, yeyusha kwenye diklorometani, tia tone moja la benzilamini. Weka doa kwenye bamba la silika mara moja, kisha baada ya saa moja, kisha kesho yake. Kama ni kitu kilichoamshwa, doa litatoweka ndani ya saa hiyo na litatokea jipya la benzilamidi. Kama ni N-asailiyurea, doa litakaa pale pale.

---

Mizani · #25

Na vaa glovu mbili tafadhali. DCC inayeyuka karibu na nyuzi 35, watu huiweka chupa kwenye maji ya vuguvugu ili waimwage, kisha wanagusa mdomo wa chupa kwa kidole. Mimi nilianza na vipele mkononi, sasa hivi nikiingia chumba ambacho chupa yake imefunguliwa macho yanavimba. Mwili ukishaikataa haurudi nyuma. Ndiyo maana nilihamia EDC.

---

Bamba_la_Silika · #26

Pole sana Mizani. EDC ina faida nyingine inayohusiana na uzi huu. Ina mkia wenye amini, kwa hiyo yurea yake inaondoka kwa kuosha na asidi ya sitriki ya maji. Na hata N-asailiyurea yake ina mkia ule ule, sehemu kubwa inaondoka hapo hapo. Chupa_Duara asingehitaji kuhangaika na madoa mawili yaliyokaribiana kwenye safu.

---

Fundi_Peptidi · #27

Kweli, lakini angalieni msije mkadhani tatizo limekwisha kwa sababu halionekani. Phe aliyehama kwenye EDC amepotea vile vile, tofauti ni kwamba amekwenda na maji ya kuoshea. Mavuno yatakuwa chini na hutajua kwa nini. Ukitumia EDC, weka yale maji ya asidi, yapime masi kabla ya kumwaga.

---

Chupa_Duara · #28

Nimerudi na majibu.

Kwanza benzilamini: doa la 472 halikusogea. Saa moja, hakuna kitu. Leo asubuhi, bado liko pale pale. Fundi_Peptidi nimekubali, limekufa.

Pili, nimerudia kazi. Boc-Phe-OH, chumvi ya Leu na HOBt miligramu 306, vyote pamoja kwenye DMF, maana nilitaka nibadilishe mpangilio tu na kiyeyusho kibaki kile kile. Trietilamini safari hii mikrolita 280. Barafu, DCC mwisho kabisa, saa moja kwenye baridi halafu usiku kucha kwenye joto la chumba. Nimepata dipeptidi miligramu 634, asilimia 81. Doa la 472 bado lipo, ila ni dogo, miligramu 38 tu.

---

Mizani · #29

Safi sana! Besi hiyo.

---

Fundi_Peptidi · #30

Mizani, amebadilisha vitu vinne kwa mpigo: besi, HOBt, baridi, na DCC kuingia mwisho. Huwezi kumpa besi sifa yote.

---

Mizani · #31

Na wewe huwezi kuipa nusu saa. Hata hivyo natoa hoja: afanye ya tatu, kila kitu kama #28 lakini besi mikrolita 140. Kama 472 itabaki miligramu 38 au karibu yake, nitakubali kwamba besi ilihusu mavuno tu.

---

Bamba_la_Silika · #32

Hizo miligramu 38 zilizobaki ni milimoli 0.08, asilimia 4, na zimebaki ingawa kila kitu kimerekebishwa isipokuwa DMF. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kiyeyusho. Afanye ya nne kwenye diklorometani.

---

Kausha · #33

Swali la kweli, si la ubishi. Nimesikia besi kama trietilamini ikizidi inaongeza hiyo N-asailiyurea badala ya kuipunguza, kwa sababu inaondoa ile protoni ambayo Fundi alisema kwenye #15 inaizuia naitrojeni. Sasa mikrolita 280 si ni nyingi?

---

Fundi_Peptidi · #34

Kausha, hilo ni swali zuri kuliko yote ya uzi huu. Ni kweli, amini ya tatu ikizidi inasaidia hama hama. Lakini mikrolita 280 ni sawa sawa na HCl iliyo kwenye chumvi ya Leu, kwa hiyo inatumika yote kumfungua Leu, haibaki ya kuzurura. Akitia 560 ndipo ningeogopa. Wengine hutumia N-metilmorfolini kwa sababu ni besi dhaifu kidogo.

---

Kausha · #35

Kwa hiyo besi ikipungua ni mbaya na ikizidi ni mbaya. Basi Mizani na wewe mnaweza kuwa sahihi wote wawili.

---

Chupa_Duara · #36

Boc-Phe-OH imenibakia ya kutosha majaribio mawili tu. Nitafanya la Mizani na la Bamba_la_Silika, milimoli 1 kila moja, siku moja, chupa mbili kwenye barafu moja. Nitapima 472 ya kila chupa kwa mzani kabla sijawaambia lolote. Nikimaliza naleta namba hapa hapa.